Kutoka Noti za Wodini Hadi Logibuku na Potifolio: Mfano Mmoja, Hatua kwa Hatua



Wenzetu wa kitivo cha tiba na uuguzi wanaijua wiki ya mwisho ya kila mzunguko wa wodi. Logibuku haijajaa, potifolio ina kurasa mbili, na msimamizi anasafiri Ijumaa. Usiku huo watu hukaa na kalamu moja na kujaza wagonjwa wa wiki nane kwa kukumbuka. Kazi hiyo huonekana kama karatasi tu za kupelekwa ofisini, lakini ndani yake mna jambo zito. Mwaka wa intani ukifika, utaachwa zamu ya usiku na mtu aliyeamini kwamba ulichoandika umekifanya kweli umekifanya.

Somo hili linachukua noti moja ya wodini, yenye maneno yasiyofika mia moja na ishirini, na kuifuata mpaka iwe mistari minne ya logibuku, ukurasa mmoja wa potifolio, na mambo mawili ya kujifunza yaliyowekwa chini ya vichwa vya umahiri. Mgonjwa ni wa kutunga, na mwanafunzi pia, lakini hali yenyewe hutokea kila msimu wa mvua katika wodi za watoto za mashariki mwa Uganda na kwingineko katika nchi zetu.

Vitabu viwili, maswali mawili

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Logibuku hujibu swali hili: umefanya nini, mara ngapi, na nani alikuona? Ni hesabu. Kila mstari una tarehe, wodi, umri na jinsia ya mgonjwa, tatizo, kazi iliyofanyika, kiwango cha ushiriki wako, na saini ya msimamizi.

Potifolio hujibu swali jingine: tukio lile limekubadilisha vipi? Hapo haitakiwi idadi. Yatakiwa matukio machache uliyoyafikiria vizuri, kila moja likiwa na jambo ulilojifunza, ushahidi wake, na unachokwenda kufanya. Mwanafunzi mwenye mistari mia mbili ya logibuku anaweza kuwa na kurasa kumi tu za potifolio, na zikamtosha.

Vyote viwili hutoka katika chanzo kimoja, nacho ni noti uliyoiandika siku ile ile. Noti ikikosekana, logibuku inakuwa makisio, na potifolio inakuwa insha ya maadili.

Noti ghafi

Noti ghafi haina haja ya ufasaha. Iandikwe kabla hujalala siku hiyo, katika daftari dogo la mfukoni, bila jina la mgonjwa wala namba ya faili. Hii hapa noti ya mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne:

*Jumanne, wodi ya watoto. Mtoto wa kiume, mwaka 1 na nusu, kilo 10. Homa siku 3, degedege mara 2 nyumbani. Kipimo cha malaria chanya. Nilichukua historia mimi. Mama anasema Lugisu tu, mama wa kitanda jirani akatafsiri. Nikamwona mtoto hajibu. Blantyre 2. Nikasema malaria ya ubongo. Sista akauliza: sukari je? Sikuwa nimepima. Akanipa mashine, nikapima: 1.8. Dekstrosi ya 10 hakuna, ya 50 ipo. Sista akachanganya 10 na maji 40. Mimi nikashika mkono wa mtoto, yeye akasukuma taratibu. Baada ya nusu saa 4.6. Mtoto akalia. Artesuneti akatoa intani. Niliona aibu. Mama alikuwa analia, sikumwambia kitu.*

Tazama noti hii ina nini. Ina namba: uzito, kipimo cha fahamu, sukari kabla na baada. Ina nani alifanya nini, kitendo kwa kitendo. Ina neno moja la hisia, na ina jambo ambalo halikufanyika, yaani mama hakuelezwa. Haya manne ndiyo yanayopotea kwanza katika kumbukumbu. Utambuzi wa ugonjwa hutausahau, lakini baada ya wiki sita hutajua tena kama sindano uliisukuma wewe au uliushika mkono wa mtoto tu.

Kusafisha: siri ya mgonjwa ni amana

Kabla ya kuhamisha neno lolote kwenda kitabu kingine, safisha. Watu wengi huondoa jina wakadhani wamemaliza. Jina ni sehemu tu ya utambulisho. Mtu hutambulika pia kwa mchanganyiko wa mambo madogo: kijiji, siku kamili, kitanda, kazi ya baba, na ugonjwa usio wa kawaida. Mtoto mwenye malaria kali katika wodi yenye watoto thelathini hatambuliki kwa ugonjwa wake. Mtoto pekee aliyeumwa na nyoka mwezi huo anatambulika hata usipoandika jina.

Kwa hiyo katika potifolio "Jumanne" inakuwa "katika wiki ya tatu ya mzunguko". "Mwaka 1 na nusu" inaweza kuwa "kati ya mwaka 1 na 2". "Lugisu" inakuwa "lugha ambayo siifahamu", maana lugha pamoja na wodi na wiki vinaweza kumwonyesha mtu. Uzito unabaki, kwa sababu hesabu ya dawa inauhitaji na haumtambulishi mtoto. Logibuku kwa kawaida hutaka tarehe kamili, na idara nyingine hutaka namba ya mgonjwa. Fuata sharti la idara yako, lakini namba hiyo isivuke kuingia potifolio.

Watumishi nao wana haki hiyo. Andika "muuguzi wa zamu", usiandike jina wala "yule sista mrefu". Kipimo cha mwisho ni maswali mawili. Je, mama akisomewa ukurasa huu, atajua ni mwanawe? Je, mtu wa wodi ile akiusoma, atajua ni muuguzi gani? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, punguza zaidi. Na picha ya faili iliyopigwa kwa simu "ili nikumbuke baadaye" haina nafasi kabisa katika kazi hii. Ikishaingia kwenye kundi la ujumbe huwezi tena kuirudisha.

Mistari ya logibuku

Sasa tugawe noti. Kosa la kawaida ni kuandika mstari mmoja: "Malaria kali, nilimtibu." Mstari huo hauwezi kutiwa saini kwa haki, kwa sababu ndani yake mna vitendo vinne vyenye viwango vinne tofauti. Logibuku nyingi hutumia ngazi za namna hii: alitazama, alisaidia, alifanya chini ya usimamizi, alifanya mwenyewe. Noti yetu inatoa hivi:

1. Historia na uchunguzi wa mtoto mwenye homa na degedege: *alifanya mwenyewe*, kisha akawasilisha kwa intani.
2. Kupima sukari ya damu kwa mashine ya mkononi: *alifanya chini ya usimamizi* wa muuguzi.
3. Kumpa mtoto dekstrosi kwa mshipa: *alisaidia*.
4. Kumpa artesuneti kwa mshipa: *alitazama*.

Mstari wa tatu ndio wenye mtihani. Mwanafunzi alikuwepo, alishika mkono wa mtoto, alihesabu pamoja na muuguzi. Kishawishi cha kuandika "alifanya chini ya usimamizi" ni kikubwa, hasa kama idara inataka idadi fulani na amebakiza mmoja. Lakini aliyechanganya na kusukuma ni muuguzi. Miezi kumi na minane baadaye, mtu atakayeangalia ukurasa huo ataamua kama unahitaji kuonyeshwa tena au hapana. Ukimwambia umeshafanya, hatakuonyesha, na mtoto wa siku hiyo ndiye atakayelipa.

Saini iombwe siku ile ile au kesho yake, na aliyeshuhudia ndiye atie saini. Ikiwa chuo kinakubali saini ya daktari tu, mwombe muuguzi aandike alama yake pembeni, au mweleze daktari wazi kwamba kitendo kilishuhudiwa na muuguzi. Msimamizi anayetia saini mistari arobaini kwa mkupuo hajathibitisha chochote, na watahini wanalijua hilo. Wino mmoja, mwandiko wa haraka mmoja, na tarehe zilizopangwa vizuri kupita kiasi huwaambia yote.

Ukurasa wa potifolio

Kwa tafakuri kuna mifano mingi. Graham Gibbs alitoa mzunguko wa hatua sita mwaka 1988, na vyuo vingi vya uuguzi bado vinautumia. Mwanzoni, hata hivyo, maswali matatu yanayotokana na Terry Borton, mwalimu wa Marekani aliyeandika mwaka 1970, ni mepesi zaidi: Nini kilitokea? Kina maana gani? Sasa nitafanya nini?

Siri ya maswali haya iko katika mgao wa nafasi. Wanafunzi wengi hutumia robo tatu ya ukurasa kusimulia kilichotokea, kwa sababu ndicho kilicho rahisi. Ligeuze jambo hilo: masimulizi yachukue sehemu ya nne, maana ichukue nusu, na hatua zichukue sehemu ya nne iliyobaki. Huu hapa ukurasa wa mwanafunzi wetu baada ya kusafishwa:

*Nini kilitokea. Katika wiki ya tatu nilimpokea mtoto wa kati ya mwaka 1 na 2, kilo 10, mwenye homa ya siku tatu na degedege mara mbili, na kipimo cha malaria kikiwa chanya. Alikuwa na alama 2 kati ya 5 katika kipimo cha fahamu cha Blantyre. Nilisema ni malaria ya ubongo. Muuguzi wa zamu aliuliza sukari. Ilikuwa milimoli 1.8 kwa lita. Baada ya dekstrosi ilipanda hadi 4.6 katika nusu saa, na mtoto akalia.*

*Kina maana gani. Kila nilichokiona kilikuwa kweli: malaria ilikuwepo, na fahamu zilikuwa zimepungua. Nilichokosea ni kuviunganisha haraka. Malaria kali yenyewe hushusha sukari kwa watoto, na sukari ikishuka fahamu hupotea na degedege huja. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba fahamu zimepotea kwa sababu ya malaria ya ubongo kabla sijaondoa sababu ambayo inapimwa kwa tone moja la damu na kurekebishwa kwa dakika chache. Kipimo chanya cha malaria ndicho kilichonifanya niache kutafuta. Jambo la pili ni mama. Nilipata historia kupitia mama wa kitanda jirani, nikaridhika. Yeye hakupata nafasi ya kuuliza hata swali moja, na mambo ya mtoto wake yalisikika na mtu asiyehusika.*

*Sasa nitafanya nini. Nitapima sukari kwa kila mtoto mwenye degedege au fahamu pungufu pamoja na tathmini ya kwanza ya njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu. Kabla ya kuchukua historia nitauliza nani katika watumishi wa zamu anasema lugha ya mzazi.*

Ukurasa huu haumlaumu mtu mwingine, wala mwandishi hajipigi kifua kwa majuto. Neno "aibu" lililokuwa katika noti halikuingia, lakini lilifanya kazi yake, kwa sababu ndilo lililomwonyesha mwandishi mahali pa kuchimba. Aibu ilikuwa pale alipotaja utambuzi mbele ya watu kabla ya kupima. Hisia katika noti ghafi ni kama maumivu kwa daktari: zinakuonyesha mahali pa kubonyeza.

Pia kuna hesabu ambayo mwanafunzi anapaswa kuifanya mwenyewe, ingawa sindano aliishika muuguzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto hutoa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Kilo 10 mara 5 ni mililita 50. Wodi ilikuwa na ya asilimia 50 tu, ambayo ikiingia bila kuchanganywa huunguza mishipa midogo ya mtoto. Mililita 10 za asilimia 50 zina gramu 5 za sukari. Ukiongeza mililita 40 za maji ya sindano unapata mililita 50 zenye gramu zile zile 5, yaani asilimia 10. Muuguzi alifanya hivyo kwa mazoea. Mwanafunzi akiifanya hesabu hii usiku na kuiambatisha nyuma ya ukurasa, tayari ana ushahidi wa kujifunza usiohitaji kumdanganya mtu kwamba yeye ndiye aliyesukuma. Sukari hupimwa tena baada ya nusu saa, kwa sababu inaweza kushuka upya. Ndiyo maana namba ya pili, 4.6, ilistahili kuandikwa katika noti.

Kuweka mambo chini ya vichwa vya umahiri

Kila chuo kina orodha yake ya umahiri. Nyingi zimechota kutoka mfumo uitwao CanMEDS, ulioanzishwa na Chuo cha Kifalme cha Matabibu na Wapasuaji cha Kanada mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2005 na 2015. Una nafasi saba za daktari: mtaalamu wa tiba, mwasiliani, mshirika katika timu, kiongozi, mtetezi wa afya, msomi, na mwenye maadili ya kazi. Kama orodha ya chuo chako ina majina mengine, njia ya kufanya ni ile ile.

Njia yenyewe ni hii: anza na jambo ulilojifunza, kisha tafuta kichwa. Ukianza na kichwa, utajikuta unatunga jambo ili kisanduku kisibaki tupu. Halafu kila jambo liwe na vitu vitatu mkononi: sentensi inayoweza kukaguliwa, ushahidi, na hatua yenye muda.

Tuanze na kichwa cha mtaalamu wa tiba. Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi ilisema: "Nimejifunza umuhimu wa kuchunguza mgonjwa kikamilifu." Funika kisa kwa mkono, usome sentensi hiyo peke yake. Ingefaa kwa mgonjwa wa mguu uliovunjika, kwa mama mjamzito, kwa mzee mwenye kikohozi. Sentensi inayomfaa kila mgonjwa haijatoka kwa mgonjwa yeyote. Iliyorekebishwa inasema: "Kwa mtoto mwenye degedege au fahamu pungufu, sukari hupimwa katika tathmini ya kwanza, hata kama chanzo kingine kimeshaonekana." Ushahidi ni mstari wa pili wa logibuku na karatasi ya hesabu. Hatua ni kupima mwenyewe kwa watoto wote wa namna hiyo atakaowapokea katika wiki tano zilizobaki, na kuandika matokeo.

Kichwa cha mwasiliani nacho kilianza na "mawasiliano mazuri ni muhimu." Kilichorekebishwa: "Mkalimani anayetoka kitanda jirani hunipa historia lakini humnyima mzazi siri yake na nafasi ya kuuliza. Nitamtafuta mtumishi anayejua lugha, na mwishoni nitamwomba mzazi arudie kwa maneno yake alichoelewa." Ushahidi hapa ni mwembamba, kwa sababu hajafanya bado. Basi hatua inabeba uzito: katika wiki mbili, mazungumzo mawili ya namna hiyo yatazamwe na intani au muuguzi, naye aandike mistari mitatu ya maoni.

Vipi vichwa vingine? Mwanafunzi alitaka kuweka "kiongozi", kwa sababu dekstrosi ya asilimia 10 ilikosekana wodini. Alitaka pia "mtetezi wa afya", kwa sababu familia haikuwa na chandarua. Vyote ni kweli, lakini yeye hakufanya lolote juu yake. Kuona upungufu si uongozi. Kama angemwambia msimamizi wa wodi, akafuatilia, na wiki iliyofuata akaona chupa ipo au akaambiwa kwa nini haipo, angekuwa na ukurasa mwingine kamili. Kwa sasa vichwa hivyo vinabaki vitupu, na vitapata matukio yake siku nyingine.

Kuhusu "mshirika katika timu" alisita, maana swali la muuguzi ndilo lililookoa mambo. Lakini hapo aliyeshirikiana vizuri ni muuguzi. Tukio moja likibeba vichwa viwili vilivyoshiba, latosha. Likitandazwa juu ya vyote saba, kila kimoja kinapata mstari mmoja mkavu, na mtahini anaona kwamba mwandishi alikuwa anajaza fomu.

Rudi ufunge

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kufunga hatua. Mwanafunzi aliahidi kupima sukari kwa wiki tano. Wiki tano zikiisha anarudi kwenye ukurasa ule ule na kuongeza, kwa tarehe mpya: "Nimepokea watoto 4 wa namna hiyo. Watatu niliwapima mwenyewe. Mmoja alikuwa na sukari ya 2.0 na alitibiwa. Kwa wa nne vijiti vya mashine vilikuwa vimekwisha. Nilimjulisha intani, na mtoto alitibiwa kama mwenye sukari pungufu." Mistari hiyo ina thamani kuliko ukurasa wote wa juu, kwa sababu inaonyesha tabia imebadilika, na inaonyesha mahali ilipogonga ukuta. Usiufiche ukuta. Anayeandika kwamba alifanikiwa mara nne kwa nne katika wodi isiyo na vijiti ataulizwa alipimaje. Na miongozo yenyewe inasema kwamba pasipo uwezo wa kupima, mtoto aliyepoteza fahamu atibiwe kama mwenye sukari pungufu. Kwa hiyo mtoto wa nne naye amemfundisha jambo.

Nani mwingine atasoma?

Wengi huogopa kuandika ukweli katika potifolio, na hofu hiyo ina historia. Mwaka 2011, katika hospitali ya Leicester huko Uingereza, mtoto wa miaka sita alifariki kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini. Daktari aliyekuwa mafunzoni, Hadiza Bawa-Garba, alihukumiwa mwaka 2015 kwa kuua bila kukusudia kutokana na uzembe mkubwa. Mwezi Januari 2018 aliondolewa katika rejista ya madaktari, na mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ikamrudisha. Katikati ya kesi hiyo zilienea habari kwamba maandishi yake ya tafakuri yalitumiwa dhidi yake. Waliomtetea walieleza kwamba potifolio yake haikuwa sehemu ya ushahidi uliowekwa mbele ya mahakama ya jinai, lakini hofu ilikuwa imeshaingia, na madaktari wengi vijana walitangaza kwamba hawataandika tena.

Baadaye mwaka huo Baraza Kuu la Tiba la Uingereza na taasisi nyingine za mafunzo zilitoa mwongozo wa pamoja. Baraza lilisema kwamba lenyewe halitadai tafakuri za daktari ili kumchunguza, lakini mahakama inaweza kuzitaka. Ushauri wa mwongozo ule unatufaa na sisi: tafakuri ijikite katika ulichojifunza na utakachobadilisha, isiwe ripoti kamili ya tukio, na isimtambulishe mgonjwa. Tukio likiwa na madhara makubwa, maelezo ya kina ya saa na vitendo yana mahali pake, yaani faili la mgonjwa na taarifa rasmi ya tukio. Katika hali kama hiyo, ongea na msimamizi wako kabla hujaandika potifolio.

Tazama tena ukurasa wa mwanafunzi wetu kwa jicho hilo. Unasema wazi kwamba alitaja utambuzi mapema. Hauorodheshi dakika, haumtaji mtu, na nusu yake inahusu namna alivyofikiri na kwa nini. Mtu yeyote akiusoma, pamoja na mama wa mtoto, atakuta mwanafunzi aliyejifunza kupima sukari. Ndivyo ukweli unavyoweza kuandikwa bila kumdhuru mgonjwa wala mwandishi.

Kwa anayeanza mzunguko Jumatatu, mpango ni mdogo. Noti moja kila siku kabla ya kulala. Mistari ya logibuku siku ile ile, kitendo kwa kitendo, kila kimoja kwa ngazi yake ya kweli. Kila Ijumaa, baada ya swala, soma noti za wiki nzima na uchague moja tu ya kuwa ukurasa. Wiki nane zitakupa kurasa nane, na ile ya kwanza utakuwa umeshairudia na kuifunga kabla wenzako hawajaanza kutafuta kalamu.